Sentensi moja ya sista: kisa cha maelezo ya ushahidi kuhusu majeruhi wa usiku

Kisa hiki nimekikusanya kutoka visa kadhaa vilivyopita mikononi mwangu, ili asitambulike mgonjwa, mshtakiwa wala hospitali. Sentensi zenyewe ni zile ninazokutana nazo kila mara muuguzi mwenzangu anapoitwa polisi kueleza aliyoyaona zamu ya usiku.

Sista alikuwa na miaka minne kazini, yupo mapokezi ya dharura katika hospitali ya wilaya, Tanzania Bara. Usiku mmoja wa mwisho wa juma aliletwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, damu imemlowesha shati, mkono wa kushoto ameukumbatia kifuani. Alisafishwa, akashonwa, akapigwa picha ya eksirei, akalazwa hadi asubuhi. Miezi mitano baadaye askari mpelelezi akafika kwa muuguzi mkuu na barua: kuna kesi, na sista anahitajika kuandika maelezo. Akaandika nyumbani kwa mkono, kurasa moja na nusu, kisha akaniletea. "Dada, nipitishie macho kabla sijapeleka."

Sentensi ya kwanza ilisema hivi:

"Mnamo tarehe 14 saa 10:40 usiku alikuja mgonjwa aliyelewa, akiwa amepigwa panga kichwani na shemeji yake na kuvunjwa mkono wakati anajikinga."

Nikamuuliza: mdogo wangu, katika sentensi hii, ni kipi ulichokiona wewe kwa macho yako? Akaisoma tena, akacheka kidogo. Alichokiona ni kwamba mgonjwa alikuja. Yote mengine aliyasikia, au aliyakisia, au aliyatafsiri. Na hata saa haikuwa sahihi.

Sista hakuwa mwongo, wala hakuwa mzembe. Faili lake lilikuwa safi kuliko mengi ninayoyaona. Kilichomponza ni njia ambayo habari ilipita. Mgonjwa alizungumza Kiswahili. Sista akaandika faili kwa Kiingereza, kama tunavyofundishwa vyuoni. Miezi mitano baadaye akalifungua faili na kulirudisha kwenye Kiswahili, kwa sababu maelezo ya polisi huandikwa kwa Kiswahili, na tangu 2021 sheria imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Katika safari hiyo ya kwenda na kurudi, kila neno lilikuwa limebeba mzigo ambao halikuwa nao lilipotoka kinywani mwa mgonjwa. Tukakaa chini kuyapitia moja moja.

Tulianza na saa. Kwenye daftari la mapokezi muda ulikuwa 22:40. Sista alipoandika maelezo, kichwani mwake ile 22:40 ilikuwa kumi na dakika arobaini ya Kiingereza, akaandika "saa 10:40 usiku". Kwa Kiswahili saa 10:40 usiku ni alfajiri inakaribia, majogoo yanaanza kuwika. Saa sahihi ni 4:40 usiku. Tofauti ni saa sita kamili, na ukiiona tofauti ya saa sita kamili popote kwenye jalada la kesi, mara nyingi hakuna uongo, kuna mtu aliyehamisha saa bila kuigeuza.

Chini zaidi kulikuwa na kosa la hatari kuliko hilo. Aliandika kwamba alimkabidhi askari nguo za mgonjwa "saa 6:20 usiku tarehe 14". Saa hii aliigeuza vizuri: faili lilisema 00:20. Ila tarehe ilishabadilika. Kwa kalenda, dakika ishirini baada ya usiku wa manane ni tarehe 15. Kwa sista ulikuwa bado usiku uleule na zamu ileile, na sote huongea hivyo. Lakini daftari la vielelezo la polisi lilisema tarehe 15. Wakili akisoma kama kalenda inavyosoma, nguo zilikabidhiwa saa ishirini na mbili na dakika ishirini kabla mgonjwa hajafika hospitalini. Hapo huna tena shati lenye damu, una swali la shati limetoka wapi.

Na usiku wa Kiswahili una utata wake wa zamani. Kwa wazee wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa vijana wa bara ni Ijumaa jioni kwenda Jumamosi. Dawa yake ni nyepesi: "usiku wa tarehe 14 kuamkia tarehe 15", kisha kila saa iandikwe kwa Kiswahili na mbele yake iwekwe ile ya kwenye faili kama ilivyo. Saa 4:40 usiku (22:40). Saa 6:20 usiku (00:20, tarehe 15). Inachosha macho, lakini haina tafsiri mbili.

Tukaja kwenye "aliyelewa". Faili lilisema mgonjwa ananuka pombe. Kunuka pombe ni jambo ambalo pua ya muuguzi inaweza kulishuhudia. Kulewa ni hitimisho. Hakupimwa kiwango cha pombe; kwenye mapokezi yetu kipimo hicho huwa hakipo. Kilichopimwa ni fahamu kwa kipimo cha Glasgow, na alipata 15 kati ya 15: macho 4, maneno 5, miondoko 6. Maana yake alifumbua macho mwenyewe, alijibu akijua yuko wapi na ni lini, na alitii alichoambiwa. Hii ni habari kubwa, na sista aliiacha nje kabisa akaweka "aliyelewa". Kwa mtu aliyepigwa kichwani neno hilo lina madhara mara mbili. Mahakamani linakifanya kila alichosema kiwe maneno ya mlevi. Na kitabibu linaweza kuficha damu inayovuja ndani ya fuvu, kwa sababu mlevi na mwenye jeraha la ubongo wote huweza kuyumba na kutapika.

"Amepigwa panga" ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote.

Nilimuuliza panga limetoka wapi. Kwanza alisema kwenye faili. Tukalifungua, halimo. Kilichomo ni lile neno la Kiingereza tulilolizoea manesi kwa jeraha lolote lililo wazi, ambalo ukiligeuza neno kwa neno unapata "jeraha la kukatwa". Akafikiri, akakumbuka: dereva wa bodaboda aliyemleta alikuwa anasema kwa sauti pale mlangoni, "huyu kapigwa panga". Je, dereva aliona? Hakumuuliza. Dereva akaondoka kabla jina lake halijaandikwa.

Na mgonjwa mwenyewe alisemaje? Hapa sista alitusaidia, maana pembeni ya ukurasa alikuwa ameandika maneno matatu ya Kiswahili kama yalivyotamkwa: "Shem kanipiga chuma." Chuma. Panga ni chuma, nondo ni chuma, bomba ni chuma, spana ni chuma. Kati ya "chuma" na "panga" kuna kesi nzima.

Wasomaji wasio wa fani waelewe kwa nini jeraha lenyewe halikutosha kumaliza ubishi. Ngozi ya kichwa imetandazwa juu ya mfupa bila nyama nyingi katikati. Ukiipiga kwa kitu butu inabanwa kati ya kitu hicho na fuvu, inapasuka kwa mstari, na ukiitazama haraka usiku, damu zikiwa zinatiririka, unaapa imekatwa kwa kisu. Tofauti huonekana ukishasafisha na kuangalia kwa karibu. Kitu chenye makali hukata kila kinachokutana nacho, kingo zinabaki zimenyooka na nywele zimekatika. Kitu butu huacha kingo zilizochanika na kuchubuka pembeni, na ukizitenga unaona nyuzi za nyama na mishipa midogo zikivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kama daraja. Panga lililokufa makali linaweza kuleta sura ya katikati. Ndiyo maana kusema jeraha limesababishwa na kitu gani ni kazi ya daktari, na nafasi yake ni kwenye PF3, ile fomu ya polisi ambayo majeruhi huja nayo na daktari huijaza. Kwenye PF3 ya mgonjwa huyu daktari aliandika kitu butu. Maelezo ya sista yangeingia kwenye jalada yakisema panga, upande wa mashtaka ungekuwa na mashahidi wawili kutoka chumba kimoja wanaopingana, na mmoja wao hakuwa na sababu yoyote ya kulitaja panga.

Lakini sista alikuwa na jambo lake la kusema kuhusu jeraha, na lilikuwa zuri. Alilipima kwa rula kabla halijashonwa: sentimita 5. Aliandika liko wapi: kushoto, juu ya sikio. Aliandika kwamba kingo hazikunyooka. Huo ndio ushahidi wake, na unatosha. Kina cha jeraha hakukipima, basi aandike kwamba hakukipima. Wauguzi wengi huona haya kuandika "sikupima", wakadhani inawaonyesha wavivu. Kukisia sentimita 2 halafu daktari akawa ameandika milimita 6 ndiko kunakotia haya.

"Shemeji yake" nayo ilikuwa na safari yake. Mgonjwa alisema "shem". Sista kwenye faili akaandika kwa Kiingereza kaka wa mke, kwa kuwa lugha ile inakulazimisha uchague. Kwenye maelezo akairudisha "shemeji yake", kama jambo lililothibitishwa. Sasa shemeji kwa Kiswahili ni nani? Ni kaka wa mke, ni dada wa mke, ni mke wa kaka, ni mume wa dada. Na mitaani ni mchumba wa rafiki yako, na hata muuza chipsi anakuita shem ukipita na msichana wa mtaani kwao. Mshtakiwa katika kesi alikuwa mume wa dada yake mgonjwa. Kwa Kiswahili ni shemeji bila shaka, ila kaka wa mke si yeye. Faili la Kiingereza lilikuwa limemwonyesha mtu mwingine.

Tukakubaliana: maneno ya mgonjwa yaandikwe kama alivyoyatamka, ndani ya alama za kunukuu, na isemwe yametoka kwa nani na saa ngapi. Yakiandikwa hivyo, sista anathibitisha kitu kimoja, kwamba mgonjwa alitamka maneno hayo saa 4:50 usiku. Kama ni kweli alipigwa, na nani, hilo atalisema mgonjwa mwenyewe kizimbani, maana sheria ya ushahidi inataka aliyeona ndiye aseme aliona. Mgonjwa angefariki, yale maneno matatu pembeni ya ukurasa yangepata uzito mwingine kabisa, kwa kuwa maneno ya marehemu kuhusu chanzo cha kifo chake yanaweza kupokelewa. Muuguzi hajui saa ile ni ipi kati ya njia hizo mbili itafuatwa. Ayaandike hivyohivyo yalivyo.

"Kuvunjwa mkono wakati anajikinga" tuliimaliza haraka. Kwenye faili kulikuwa na alama ya # tunayoiweka kwa mfupa uliovunjika, lakini iliandikwa kabla ya eksirei, kama dhana. Sista aliona uvimbe, aliona mgonjwa hawezi kugeuza kiganja, akaufunga mkono banzi. Picha hakuisoma yeye. Na kujikinga hakuwepo. Kweli, jeraha la upande wa kidole kidogo, kati ya kiwiko na kiganja, ndilo tunalolitarajia kwa mtu aliyeinua mkono kuziba kipigo, na daktari akiulizwa anaweza kusema hivyo. Sista akisema, anajibebesha ushahidi wa kitaalamu ambao hakuitiwa. Tatizo lililobaki ni neno "mkono" lenyewe, ambalo kwetu linaanzia begani na kuishia kwenye kucha. Hata "kiwiko" kuna wanaokiita pale unapofunga saa. Tukalieleza kwa sentensi badala ya kutafuta neno.

Baada ya siku mbili alirudi na maelezo mapya. Sehemu yake kuu ilisomeka hivi:

"Maelezo haya nayatoa baada ya kusoma faili la mgonjwa nililoliandika mwenyewe usiku huo. Pale ninapokumbuka jambo ambalo halimo kwenye faili nitasema hivyo.

Usiku wa tarehe 14 kuamkia tarehe 15 nilikuwa zamu mapokezi ya dharura. Saa 4:40 usiku (22:40) aliletwa mwanaume kwa bodaboda. Alikuwa anatembea kwa kushikiliwa. Nilisikia harufu ya pombe kinywani mwake. Sikumpima pombe. Alijibu maswali yangu kwa kueleweka. Alitaja jina lake, mahali alipo na siku. Kipimo cha Glasgow kilikuwa 15. Shinikizo la damu lilikuwa 138/84 na mapigo ya moyo 112 kwa dakika.

Dereva aliyemleta, ambaye simjui jina, alisema, 'Huyu kapigwa panga.' Sikumuuliza kama aliona. Hili nalikumbuka, halimo kwenye faili. Saa 4:50 usiku (22:50) nilimuuliza mgonjwa nini kimetokea. Alijibu, 'Shem kanipiga chuma.' Sikumuuliza shem ni nani wala chuma gani.

Upande wa kushoto wa kichwa chake, juu ya sikio, niliona jeraha moja lililo wazi, linatoka damu. Nililipima kwa rula, urefu sentimita 5. Kingo zake hazikuwa zimenyooka. Kina sikukipima. Mkono wake wa kushoto, sehemu iliyo kati ya pale unapokunjwa na kiganja, upande wa kidole kidogo, ulikuwa umevimba na aliugulia nilipougusa. Hakuweza kugeuza kiganja kiangalie juu. Nilibana jeraha kwa shashi, nikaufunga mkono banzi, nikamwita daktari. Daktari alishona jeraha, mimi nilimsaidia. Mgonjwa alipigwa picha ya eksirei. Sikuisoma picha hiyo.

Nilimvua shati kwa kulikata kuanzia kwenye pindo hadi kwapani upande wa kulia, kwa mkasi. Lilikuwa na unyevu mwekundu begani kushoto. Sikulifua. Niliweka kwenye bahasha ya kaki, nikaandika jina la mgonjwa, tarehe na saa, nikafunga na kusaini. Saa 6:20 usiku (00:20, tarehe 15) nilimkabidhi askari, akasaini kwenye daftari la mapokezi na kuandika namba yake."

Hiyo ya mkasi aliiongeza mwenyewe, nami nikampongeza. Shati likifika mahakamani limepasuliwa upande mzima, mtu atauliza limepasuliwa na nani. Bahasha ya karatasi nayo ina sababu: nguo yenye damu mbichi ukiifungia kwenye mfuko wa nailoni inaoza kabla mkemia hajaigusa. Na "unyevu mwekundu" badala ya "damu" nilimwambia amezidisha, mahakama haitacheka muuguzi akiita damu damu. Hakutaka kubadilisha, nikamwacha.

Mambo mawili hayakuingia. Mgonjwa alimwambia sista dawa anazotumia kila siku, na zingemtambulisha kuwa na ugonjwa ambao sheria ya 2008 ya Ukimwi inautunzia siri. Hazikuhusiana na jeraha wala na matibabu ya usiku ule. Zilibaki kwenye faili. Na rasimu ya kwanza ilikuwa imefungwa kwa maneno "alikuwa na majeraha makubwa". Neno "makubwa" kwenye kosa la aina hii ndilo linalotenganisha shtaka zito na jepesi, na anayelipima ni hakimu baada ya kumsikia daktari. Likafutwa.

Lile faili, na kosa lake la kaka wa mke, halikuguswa. Sista alishawishika kulisahihisha ili lifanane na maelezo. Nilimkataza kwa ukali kidogo. Faili likibadilishwa baada ya kesi kufunguliwa, hakuna atakayeamini hata mstari mmoja uliobaki. Aliongeza sentensi kwenye maelezo: "Kwenye faili niliandika kwa Kiingereza kaka wa mke. Hiyo ilikuwa tafsiri yangu ya neno shem. Mgonjwa hakusema kaka wa mke." Basi.

Siku ya kesi nilimsindikiza. Alipomaliza kuongozwa na mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi akasimama kumdodosa, akaenda moja kwa moja kwenye pombe.

"Alikuwa amelewa, si ndiyo?"

"Alinuka pombe. Hakupimwa."

"Mtu anayenuka pombe anaweza kuanguka akapiga kichwa kwenye ngazi?"

"Anaweza."

"Kwa hiyo na huyu huenda alianguka."

"Sikuwepo alipoumia, mheshimiwa."

Wakili akageuza kurasa. Akauliza kuhusu panga, akajibiwa ni maneno ya dereva. Akauliza kuhusu kaka wa mke, akasomewa ile sentensi. Akauliza saa, hakimu mwenyewe akaiangalia ile 00:20, akaandika. Mwisho akauliza kama mkono ulivunjika.

"Mimi niliufunga banzi. Picha aliisoma daktari."

Daktari alikuwa ameketi nje kwenye benchi, PF3 ikimsubiri ndani. Karani akatoka kumwita.